Juma Kapewa 14 na Rafiki, 6 na Wengine

Kila aliyepita chuoni anamjua yule ambaye jina lake limo kwenye jalada la ripoti ya kikundi, lakini mwenyewe hakuonekana hadi siku ya kuwasilisha. Kwa sababu yake, baadhi ya wahadhiri huwapa wanafunzi fomu za siri ili wapimane wenyewe. Hapo ndipo urafiki na visirani vya hosteli hupata mlango wa kuingilia.

Tuchukue kikundi cha wanne: Asha, Baraka, Juma na Neema. Kila mmoja ana pointi 30 za kuwagawia wenzake watatu, mwenyewe hajipi. Kwa hiyo 10 maana yake ni kwamba mtu alifanya fungu lake. Jumla ikifungwa hivyo, mkarimu na bahili huwa na uzito sawa, na anayetaka kumpendelea mtu hulazimika kuwapunguzia wengine. Programu ya WebPA, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, hufuata hesabu ya aina hii.

Asha kampa Juma 14. Baraka kampa 6, Neema naye 6. Wastani ni 8.67, yaani kama asilimia 87 ya fungu kamili. Ripoti ikipata maksi 70, Juma anaondoka na 61. Tukiiweka kando ile 14, anabaki na 42. Rafiki mmoja, maksi 19!

Kinyongo nacho kina alama yake. Neema akipata 12 na 11 kwa wawili, kisha 3 kwa Baraka, ambaye sura yake aliikataa wiki iliyopita, ni ile 3 inayotakiwa kujieleza.

Ila namba zinaonyesha tu pa kuuliza. Huenda Asha anambeba Juma. Huenda pia Baraka na Neema wamekubaliana kumkomoa. Katika kikundi cha wanne, jedwali halina uwezo wa kutofautisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana napenda fomu inayodai sentensi moja chini ya kila alama iliyo mbali na 10, tena sentensi ya tukio. “Hakuleta majibu ya dodoso Jumanne” inaweza kuchunguzwa. “Ana dharau” haichunguziki, na mara nyingi ndiyo lugha ya kinyongo.

Kisha hufunguliwa historia ya marekebisho ya waraka wa pamoja. Tuseme inaonyesha Juma hakuandika aya hata moja, lakini jedwali lote la majibu ya dodoso aliliingiza yeye, usiku, Asha akiwa pembeni. Basi Asha aliiona kazi ambayo wengine hawakuiona, akaizidishia. Hapo mhadhiri hana sababu ya kuifuta 14 wala kuiacha ilivyo: anawaonyesha wote wanne orodha ya nani alifanya nini, kisha anawagawia fomu mpya.