Barua kwa jirani anayepiga muziki usiku

Wengi wetu hapa Baraka tunapanga chumba kimoja kimoja. Mara nyingi ukuta unaotutenganisha haufiki kwenye mabati, na dari hakuna. Jirani yangu anachaji simu za watu kwa jenereta, na wateja wanaosubiri anawapigia muziki. Nilimwandikia hivi:

«Papa, jambo. Natumaini nyumbani wote ni wazima. Ni mimi mpangaji wa upande wa pili wa ukuta. Najua kazi hii ndiyo inalisha watoto, kwa hiyo siombi uifunge. Wiki hii, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muziki uliendelea hadi saa 6 usiku. Mimi naamka saa 11 alfajiri kwenda kufundisha, nabaki na saa 5 tu za kulala. Ninaomba mambo mawili: bafle itoke kwenye ukuta wetu, iangalie barabara, na kuanzia saa 3 usiku, besi ipunguzwe. Ukipata nafasi, karibu chumbani kwangu usikie mwenyewe. Asante sana, Papa.»

Kwa nini nilitaja siku na saa? Ukiandika «kila siku unatusumbua», jirani atakumbuka usiku mmoja alionyamaza, na mabishano yataanza hapo. Siku tatu zenye saa zake hazibishaniwi.

Kuhusu usingizi, mtu mzima anahitaji walau saa 7. Usingizi mzito, ule unaopumzisha mwili, unakuja zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku. Sikio halilali: ngoma ikilia ghafla, moyo unapiga haraka na ubongo unarudi kwenye usingizi mwepesi, hata kama hukufumbua macho. Ndiyo maana mtu anasema «nililala», lakini asubuhi anasinzia na kusahau alichosoma jana.

Nilitaja besi kwa sababu ndiyo inayopenya ukuta kuliko sauti ya mwimbaji. Bafle ikiegemea ukuta, besi inaongezeka na ukuta wenyewe unatetemeka. Kuisogeza hakumgharimu jirani kitu, na wateja wa barabarani wanasikia vizuri zaidi.

Papa alikuja, akakaa kitandani dakika chache, akacheka: «Kumbe ni hivi?» Bafle ilihama jioni ileile. Jenereta bado inanguruma, lakini mngurumo usiobadilika unazoeleka kuliko ngoma inayokatika na kuanza tena.

Barua kama hii mpe mwenyewe mkononi, mchana, wateja wakiwa hawapo; mtu akiaibishwa mbele ya watu hujitetea. Mpe wiki moja. Kama hakuna kilichobadilika, mwone mwenye nyumba, kisha shefu wa kartie, ukiwa na nakala ya barua na orodha ya siku na saa.