Alisema ataleta, au alisema angeleta?

Barua pepe ya kufuatilia kikao hubeba nyakati mbili kwa mpigo. Upande mmoja inasimulia yaliyokwisha kusemwa, upande mwingine inaahidi yatakayofanyika. Mwandishi akichanganya viambishi vya wakati, msomaji hajui kipi kimeisha, kipi kinamsubiri yeye. Tuchukue mfano huu wa muuza samani anayemwandikia mwalimu mkuu Jumatano, siku moja baada ya kikao:

"Jana tunakutana ofisini kwako kuhusu madawati 60. Fundi alisema angeleta mbao Ijumaa. Mhasibu wako ametueleza kwamba malipo ya awali hayakufanyika. Tulikubaliana nusu ya fedha inalipwa kesho. Nitaandaa mkataba nikautuma kwako, na mwisho wa mwezi tunaleta madawati."

Kompyuta haitapiga mstari mwekundu hata mahali pamoja, kwa kuwa kila neno limeandikwa sawasawa. Kasoro imo katika viambishi.

"Jana tunakutana" ni mtindo wa kusimulia kwa mdomo: "jana natoka kazini, namkuta jirani..." Barazani unanogesha hadithi, lakini katika kumbukumbu ya kikao andika "tulikutana". Ukishaweka -li- mwanzoni, matukio yanayofuata unaweza kuyaunga kwa -ka-: tulikutana, tukazungumza, tukakubaliana. Hiyo -ka- haina wakati wake yenyewe, huazima wa kitenzi kilichotangulia, na huzoea kufuata -li-. Ndiyo maana "nitaandaa mkataba nikautuma" inakwaruza sikio: mtu anaanza na kesho, anamalizia na jana. Sema "nitaandaa mkataba na kuutuma".

Kosa la gharama zaidi ni "alisema angeleta". Wengi hulipata kwa kufikiri Kiingereza huku wakiandika Kiswahili, maana Kiingereza kikishasema "alisema" hukirudisha nyuma hata kitenzi cha ahadi. Kiswahili hakina haja hiyo. Ahadi hubaki na -ta- yake, na wakati wake huhesabiwa tangu pale msemaji alipoitoa: "Fundi alisema ataleta mbao Ijumaa." Hata Ijumaa ikipita bila mbao, utaandika "alisema ataleta Ijumaa, lakini hakuleta". Ni kweli "angeleta" ya namna hii utaikuta hata magazetini. Lakini -nge- kazi yake kubwa ni sharti, na mwalimu mkuu akisoma "angeleta" atangoja "lakini": angeleta, lakini gari limeharibika? Angeleta, kama angelipwa? Katika barua ya ahadi, shaka ya aina hiyo haifai kuachwa.

Kisha kuna malipo. "Hayakufanyika" inafunga mlango: wakati ulipita, malipo hayakuwapo, basi. "Hayajafanyika" inauacha wazi, kwamba hadi sasa bado, na yanatarajiwa. Mhasibu akisoma la kwanza anaweza kuona analaumiwa, ilhali la pili linamkumbusha tu. Jiulize, je, jambo hili bado linaweza kutokea? Kama ndiyo, tumia -ja-.

Penye makubaliano, "inalipwa kesho" inaeleweka mtu akiisema, ila kwenye maandishi haionyeshi kama ni ratiba, desturi au uamuzi. Mlichofikia ni uamuzi unaomfunga mtu, hivyo "tulikubaliana nusu ya fedha ilipwe" inabana kuliko hata "italipwa", ambayo inaweza kusomwa kama matarajio tu. Na hiyo "kesho" ni kesho ya nani? Mwalimu mkuu akiifungua barua Alhamisi na kumpelekea mhasibu, kesho imeshasogea hadi Ijumaa. Taja siku na tarehe.

Barua iliyonyooka basi ni hii:

"Tulikutana ofisini kwako jana, Jumanne tarehe 4 Machi, tukazungumzia madawati 60. Fundi alisema ataleta mbao Ijumaa, tarehe 7. Mhasibu wako alitueleza kwamba malipo ya awali hayajafanyika. Tulikubaliana nusu ya fedha ilipwe Alhamisi, tarehe 6. Nitaandaa mkataba na kuutuma kwako Jumatatu, tarehe 10, na madawati tutayaleta Jumatatu, tarehe 31 Machi."

"Ametueleza" imegeuka "alitueleza" kwa sababu maelezo yalitolewa kikaoni, na kikao kimekwisha. Nafasi ya -me- ni kwa jambo ambalo matokeo yake yapo mkononi sasa hivi. Ikiwa mkataba umeshachapwa na uko mezani unasubiri mhuri, usiseme "nitaandaa". Andika "mkataba nimeshauandaa, nitautuma Jumatatu", na mwalimu mkuu atajua kilichobaki ni kuutuma tu.