Kubeti kwenye gemu: Kwa nini shabiki kijana ndiye anayeliwa mapema?

Mwaka 2017, mahakama moja mjini Birmingham, Uingereza, ilielezwa habari za mvulana wa miaka 14 aliyepoteza pauni 586 ndani ya siku moja. Hakuingia kasino wala hakuvuka mlango wa duka la kubeti. Alikuwa anacheza FIFA, gemu ileile inayochezwa kwenye vibanda vya PS mtaani kwako.

Kesi hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kushtakiwa na tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini humo. Ukiielewa vizuri, unaelewa jinsi shabiki wa gemu anavyogeuka kuwa mcheza kamari bila yeye mwenyewe kushtuka.

Twende hatua kwa hatua.

Mlango wa kwanza: sarafu za gemu

Ndani ya FIFA kuna sarafu unazopata kwa kucheza. Unazitumia kununua wachezaji wa timu yako, na kwa mujibu wa kanuni za gemu, hazitakiwi kutoka humo na kuwa pesa.

Tovuti iliyoitwa FUT Galaxy ilitafuta njia ya kuzitoa. Mchezaji alihamishia sarafu zake kwenye tovuti, akabeti nazo, na akishinda akarudishiwa sarafu. Sarafu hizo zilikuwa na wanunuzi kwenye soko la magendo mtandaoni. Kwa hiyo ilikuwa pesa kabisa, ila imevaa jezi ya gemu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kijana akiambiwa aweke shilingi 10,000 kwenye kamari, anaweza kusita. Akiambiwa aweke sarafu alizozipata kwa kucheza jana usiku, haoni kama anapoteza kitu. Zikiisha, anaingia mfukoni kununua nyingine. Wakati huo tabia ya kubeti tayari ameizoea.

Kwenye Counter-Strike mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 2013 gemu hiyo ilianza kutoa "skini", yaani rangi na michoro ya kupamba bunduki. Skini haikuongezei nguvu yoyote, lakini zile adimu zinauzwa kwa bei kubwa. Haikuchukua muda, zikaibuka tovuti zinazopokea skini kama dau.

Mlango wa pili: mtu unayemwamini YouTube

Aliyeitangaza FUT Galaxy alikuwa YouTuba maarufu wa FIFA, Craig Douglas, anayejulikana kwa jina la NepentheZ. Yeye na mwenzake Dylan Rigby walikiri makosa. Rigby alitakiwa kulipa jumla ya pauni 174,000 na Douglas pauni 91,000, faini pamoja na gharama.

Mwaka mmoja kabla, Marekani kuliibuka sakata la tovuti ya CSGO Lotto. YouTuba wawili, Trevor Martin na Thomas Cassell, walikuwa wakijirekodi wakibeti skini na kushangilia ushindi mkubwa. Watazamaji hawakuambiwa kwamba wawili hao ndio wenye tovuti. Tume ya Biashara ya Marekani ilisema pia kwamba kampuni yao iliwalipa watu wengine maarufu kati ya dola 2,500 na dola 55,000 waitangaze.

Yaani mwenye duka alikuwa anajifanya mteja mwenye bahati. Na hata kama tovuti haichezi rafu, video hazikuonyeshi mikeka yote iliyochanika kabla ya ule mmoja uliotiki.

Sasa hivi mtego umehamia wapi?

Julai 2016, Valve, kampuni inayomiliki Counter-Strike, iliziandikia tovuti 23 za kamari ya skini kuzitaka ziache. Baadhi zilifungwa, nyingine zikaibuka na majina mapya. Lakini kwa kijana wa huku kwetu, njia fupi zaidi ni app ya kawaida ya kubeti, ambako "Esports" imewekwa pembeni ya mpira wa miguu.

Fungua sehemu hiyo uangalie. Utakuta mechi imeandikwa jina la klabu kubwa, mfano Real Madrid, halafu kwenye mabano kuna jina la utani la mtu. Wengi hawaliangalii hilo jina. Wanaona Real Madrid, wanaona mpinzani dhaifu, wanaweka mzigo.

Lakini hapo Real Madrid haichezi. Wanaocheza ni watu wawili wameshika pedi, na mechi nzima inachukua dakika 8 au 12. Kila unachokijua kuhusu majeruhi, kocha na fomu ya timu hakikusaidii. Kinachoamua ni yule mtu mwenye jina la utani: ana uwezo gani, amecheza mechi ngapi leo, amechoka au la. Je, wewe unamfahamu?

Usiichanganye pia na zile mechi za "virtual". Zile hazina mchezaji hata mmoja. Kompyuta ndiyo inayozalisha matokeo, na hakuna utaalamu wa mpira utakaokusaidia kuyatabiri.

Hesabu ya buku moja

Chukulia mechi ya timu mbili zenye uwezo sawa kabisa, sawa na kurusha sarafu. Kama mchezo ungekuwa wa haki, odi ingekuwa 2.00 kila upande: weka buku, ukishinda upate buku mbili.

Kampuni haitakupa 2.00. Itakupa, kwa mfano, 1.85 kila upande. Ukibeti shilingi 1,000 mara nyingi, nusu ukashinda na nusu ukaliwa, kila buku itakurudishia wastani wa shilingi 925. Shilingi 75 zinabaki kwa kampuni, timu yoyote ishinde.

Shilingi 75 inaonekana ndogo. Tatizo ni kasi. Shabiki wa mpira anaweza kubeti mechi tatu Jumamosi, kwa hiyo hasara yake ya wastani ni shilingi 225. Kwenye mechi za dakika 8, zinazoanza moja baada ya nyingine usiku na mchana, mtu anaweza kubeti mechi 20 kwa jioni moja. Dau ni lilelile la buku, lakini wastani wa hasara umeshafika shilingi 1,500. Na hiyo ni kwa mtu ambaye hakupandisha dau kutafuta kurudisha alicholiwa, jambo ambalo wengi hulifanya.

Mkeka ndio unaumiza zaidi. Unganisha mechi tano za odi 1.85, utaahidiwa takriban shilingi 21,670 kwa buku moja. Inavutia, si ndiyo? Ila nafasi ya kupatia zote tano ni moja kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa shilingi 32,000. Kwa kila buku unayoweka kwenye mkeka huo, wastani wa kurudi ni shilingi 677 tu.

Ukijua gemu vizuri, si utawashinda?

Hili ndilo jibu la gemaz wengi: "Mimi najua Counter-Strike, siyo kama wale wa kubahatisha." Kuna mambo mawili ambayo ujuzi wako hauyafikii.

La kwanza ni muda. Mashindano mengi ya Counter-Strike hurushwa mtandaoni yakiwa yamecheleweshwa makusudi, ili timu moja isitazame video na kujua wapinzani wamejificha wapi. Maana yake, ukibeti mubashara huku ukitazama, unabeti juu ya kilichokwisha kutokea. Anayepata taarifa moja kwa moja kutoka kwenye gemu, au aliyekaa ukumbini, ameshajua.

La pili ni mechi za kupangwa. Agosti 2014, timu ya Marekani iitwayo iBUYPOWER, mojawapo ya timu bora za Amerika Kaskazini, ilifungwa raundi 16 kwa 4 na NetCodeGuides, timu ndogo ambayo wachache waliipa nafasi. Aliyekuwa anajua gemu alikuwa na kila sababu ya kuipa iBUYPOWER. Na huyo ndiye aliyeliwa.

Januari 2015, baada ya mwandishi wa habari Richard Lewis kuchapisha ushahidi, Valve ilichunguza mizunguko ya skini kati ya akaunti. Iligundua kwamba skini nyingi za thamani kubwa zilizoshindwa kwenye mechi ile zilihamishiwa kwa wachezaji wa iBUYPOWER, na pia kwa mwanzilishi wa NetCodeGuides. Watu saba walifungiwa, wanne kati yao wakiwa wachezaji wa iBUYPOWER. Mwaka uliofuata Valve ilisema adhabu hiyo ni ya kudumu.

Angalia muda uliopita: mechi ilichezwa Agosti, ukweli ukajulikana Januari. Waliobeti kwa nia njema walikuwa wameshapoteza zamani. Na hiyo ilikuwa timu maarufu, inayotazamwa na maelfu. Kwenye mechi za watu wawili wenye majina ya utani, wasiojulikana sana, nani atagundua?

Utajuaje kama umeshaingia?

Kumbukumbu haisaidii, kwa sababu kichwa kinashika siku ulizotusua na kusahau zile ndogondogo. Fanya hivi: fungua taarifa ya miamala ya mwezi mmoja kwenye simu yako. Jumlisha pesa zote ulizotuma kampuni za kubeti. Kisha jumlisha zote ulizotoa. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Namba inayobaki ndiyo bei halisi ya burudani yako, na wengi hushangaa kuiona.

Dalili nyingine ni kubeti mechi ambayo wachezaji wake huwajui na wala huitazami, au kusubiri dakika 8 ziishe ili uweke tena. Hapo gemu imeshatoka, imebaki kamari.

Kwa mzazi au kaka mkubwa: sheria Tanzania hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini mdogo wako anaweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Miamala ikienda kampuni ya kubeti na wewe hukuituma, usianze na kumnyang'anya simu. Muulize anacheza gemu gani na anamtazama nani YouTube. Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linaloeleza pesa zilikokwenda.

Kama ni wewe, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya kubeti utafute sehemu ya kuweka kikomo cha kuweka pesa au kujifungia. Kama haipo, piga huduma kwa wateja uombe akaunti ifungwe. Ukishafunga, futa app na zile chaneli za mikeka ulizojiunga nazo, maana mwaliko wa kurudi hupitia humo.