Karata ya tisa: hofu iliyojificha ndani ya tumaini

Wasomaji wengi wa taroti hutumia mpangilio wa karata 10 uitwao Msalaba wa Kiselti, uliosambazwa na Mwingereza Arthur Edward Waite mwanzoni mwa karne ya 20. Karata nne za mwisho hupangwa upande wa kulia, kutoka chini kwenda juu: mwulizaji mwenyewe, watu wanaomzunguka, matumaini na hofu zake, kisha matokeo. Nafasi ya tisa ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa hubeba mambo mawili kwa pamoja.

Katika maswali ya mapenzi, mambo hayo mawili mara nyingi ni kitu kimoja. Mtu anaweza kukitamani kitu na kukiogopa vilevile, akaukubali upande mmoja tu.

Tuchukue mfano wa mwanamke anayeuliza, "Je, atanioa?" Nafasi ya tisa inatoka Nne ya Fimbo. Katika karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa mwaka 1909, picha hiyo ina fimbo nne zilizovishwa shada la maua, na watu wawili wameinua maua juu mbele ya ngome. Mwulizaji anatabasamu: harusi! Msomaji mwenye haraka ataandika "tumaini" na kuendelea.

Aliye makini huitazama kwanza karata ya saba, ya mwulizaji mwenyewe. Hapo iko Mbili ya Panga: mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga mbili amezipishanisha kifuani, bahari iko nyuma yake. Anayesubiri kuolewa kwa nini ajikinge hivyo? Msomaji hamtangazii jibu. Anauliza, "Akija kesho kukuposa, cha kwanza utakachohisi ni nini?"

Mwanamke ananyamaza, kisha anasema atawaza kazi yake, maana mwenzake anataka wakaishi mkoa mwingine. Kumbe muda wote alikuwa akipima msimamo wa mwanamume ili asiuguse wa kwake. Swali linabadilika: sasa anataka kujua ni ndoa ya namna gani anayoweza kuikubali.

Makosa huja kwa njia mbili. La kwanza ni kuigeuza nafasi ya tisa kuwa utabiri. Ikitoka Tisa ya Panga, yenye mtu aliyeketi kitandani usiku akiwa ameficha uso viganjani, mwulizaji huamini ataachwa, ilhali karata hiyo hapo inazungumzia hofu yake. La pili ni zito zaidi: msomaji humlazimishia mtu siri, na akikanusha, anadai kwamba kukanusha ndio ushahidi. Kwa mtindo huo msomaji hawezi kukosea kamwe, na mwulizaji hawezi kujitetea.

Karata huchanganywa na kutoka kwa bahati, hivyo picha peke yake haithibitishi lolote kuhusu moyo wa mtu. Kinachopima usomaji ni maelezo ya mwulizaji mwenyewe. Kama yule mwanamke angejibu kwa utulivu kwamba angefurahi na tayari walishakubaliana watakapoishi, msomaji angeiacha hofu hiyo na kuisoma Nne ya Fimbo kama tumaini tu.