Mchoro wa Mtandao wa Nyumbani: Kwa Nini Ghorofa ya Juu Haifungiki?

Msomaji wetu mmoja wa Mombasa ametuletea picha ya ukurasa wa daftari aliyoipiga kwa simu yake. Ni mchoro alioachiwa na fundi aliyewawekea intaneti nyumbani: visanduku, mistari na nambari. Pamoja na picha hiyo ameandika kwamba amepanga simu za wanawe zikatiwe intaneti saa tatu usiku, na chini simu hizo hukatika barabara. Lakini mtoto akishapanda ngazi na kuingia chumbani mwake, intaneti hurudi, na kicheko cha video husikika hadi usiku wa manane. Anauliza kama mitambo imeharibika.

Mitambo haikuharibika, na jawabu limo katika mchoro wenyewe. Tuusome pamoja.

Juu kabisa fundi amechora kisanduku kidogo, nacho ndicho kinachopokea waya wa faiba kutoka nje. Kutoka hapo unashuka mstari hadi kisanduku chenye pembe mbili za antena, na ubavuni mwake pameandikwa `192.168.1.1`. Hiyo ndiyo ruta. Ruta tuifananishe na bawabu aliyekaa mlangoni na daftari lake. Kila chombo kinachoingia katika mtandao wa nyumba, bawabu hukipa nambari ya chumba, yaani anwani, na hukiandika daftarini. Chombo kikitaka kitu cha nje, ombi hupitia mkononi mwake. Akiambiwa, "Huyu asitoke baada ya saa tatu," humzuia.

Mistari iliyokolezwa ni waya, na ile ya vidotidoti ni waifai. Mstari mmoja uliokolezwa unatoka kwenye ruta hadi kisanduku kirefu kilichowekwa chini ya ngazi, chenye matundu matano. Hiyo ni swichi. Wengi hudhani swichi ni ruta nyingine ndogo, ilhali kazi zao ni mbali. Swichi haigawi anwani, wala haina amri ya kumruhusu au kumkataza mtu. Hukumbuka tu ni chombo gani kimechomekwa katika tundu gani, kisha hupitisha mzigo kwenye tundu linalostahiki. Katika mchoro huu matundu yote yamejaa: la kwanza limeunganishwa na ruta, la pili na televisheni, la tatu na kompyuta ya baba, la nne na mtambo unaohifadhi picha za kamera za mlangoni, na la tano lina waya unaopanda juu.

Huo waya wa tano ndio wenye mkasa. Nyumba hii ni ya kale, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kuliko matofali ya siku hizi. Waifai ya chini ikifika juu huwa hoi. Kwa hivyo fundi akapandisha waya na kuweka ruta ya pili ghorofani. Hapo alifanya sawa, kwani waya wa aina hiyo huhimili hadi mita 100, na ngazi za nyumba hazifiki hata robo yake. Tatizo ni tundu alilolichomeka. Mstari katika mchoro unaingia kwenye tundu lililoandikwa `WAN`, na ubavuni mwa ruta hiyo pameandikwa `192.168.0.1`.

Tazameni tarakimu ya tatu: chini ni 1, juu ni 0. Maana yake ni kwamba nyumba moja ina mitandao miwili na mabawabu wawili. Bawabu wa juu ana daftari lake na anazigawia simu za watoto anwani zake mwenyewe. Kisha maombi yao yote huyapeleka chini kwa jina lake yeye. Bawabu wa chini haioni simu hata moja ya ghorofani. Humwona mgeni mmoja tu, ambaye fundi amemwandika `192.168.1.14`. Mama ameizuia simu ya mwanawe kwa utambulisho wake, lakini simu hiyo ikiwa juu haijitokezi kamwe mbele ya anayezuia. Na lau mama angemzuia huyo mgeni mmoja, ghorofa nzima ingezimika, pamoja na simu yake mwenyewe.

Anayetaka kuhakikisha haya nyumbani kwake haimlazimu kuwa na mchoro. Aichukue simu iliyo kwenye waifai ya chini, afungue maelezo ya mtandao huo katika mipangilio, aangalie anwani. Kisha apande nayo juu, aunganishe waifai ya huko, aangalie tena. Tarakimu ya tatu ikibadilika, basi hali ni hiyo hiyo. Dalili nyingine ni printa ya chini isiyoonekana katika simu iliyo juu.

Tiba ni kumwondoa bawabu wa pili kazini na kumwachia kazi ya kurusha waifai tu. Ruta nyingi za sasa zina chaguo lililoandikwa `Access Point` au `AP Mode`. Ukilichagua, ruta hujizima na kujiwasha, na kazi imekwisha. Ikiwa chaguo hilo halipo, hufanywa kwa mkono, na hapa utaratibu ni muhimu. Kwanza uchomolewe ule waya unaotoka chini. Simu au kompyuta iunganishwe na ruta ya juu, ukurasa wa `192.168.0.1` ufunguliwe, na anwani ya ruta hiyo ibadilishwe iwe `192.168.1.2`, bora isiwe miongoni mwa zile ambazo ruta ya chini huzigawa. Ikishawaka upya, uingie kwa anwani hiyo mpya na uzime `DHCP`, ambayo ndiyo kazi ya kugawa anwani. Hapo ndipo waya urudishwe, lakini sasa katika tundu la `LAN`, si la `WAN`.

Mwenye haraka akiurudisha waya kwenye `LAN` kabla ya kuzima `DHCP`, mabawabu wawili watagawa anwani katika ukumbi mmoja. Leo televisheni itafanya kazi, kesho itagoma, na hakuna atakayejua kwa nini.

Baada ya hapo, simu ya juu itaonyesha anwani inayoanza na `192.168.1`, na katika orodha ya ruta ya chini simu za watoto zitatokea mojamoja. Hata hivyo, simu za siku hizi hujifunika uso: kwa kila jina la waifai hutumia utambulisho tofauti. Ikiwa waifai ya juu ina jina lake, simu iliyozuiwa chini itaonekana juu kama mgeni mpya. Twapendelea ghorofa zote mbili zipewe jina moja la waifai na neno moja la siri. Hata hivyo, utambulisho huo waweza kubadilika tena, kwa hivyo katika simu za watoto ni vyema kuzima kipengele hicho, ambacho katika aifoni huandikwa `Private Wi-Fi Address`.

Limebaki jambo ambalo hakuna mchoro utakaolionyesha. Ruta huzuia kinachopita kwake tu. Mtoto mwenye bando katika laini yake ya simu haipitii ruta kabisa, awe juu au chini, na kwa huyo saa tatu ya mama haina nguvu mpaka simu yenyewe iwekwe sebuleni.