Hedhi ya Mwisho Ilianza Lini?

Mkunga alimuuliza mdogo wangu swali moja tu kabla ya kuanza kujaza kadi yake ya kliniki: "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Mdogo wangu akajibu bila kusita, "Tarehe 12 mwezi wa nane."

Mkunga akaweka kalamu chini. "Tarehe 12 zilianza au ziliisha?"

Ziliisha. Zilianza siku ya Nane Nane, na aliikumbuka vizuri kwa sababu tumbo lilimkata akiwa viwanjani, kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo kwenye kadi ikaandikwa tarehe 8 Agosti 2024. Swali lile la pili liliokoa siku nne.

Kiswahili chenyewe ndicho kinachotutega hapa. Mtu akisikia "siku ya mwisho ya hedhi" anataja siku damu ilipokata, na kwa kweli hajakosea, maana hivyo ndivyo alivyoulizwa. Wanachotaka kujua kliniki ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wengine hukosea kwa mwezi mzima: wanataja mwezi ambao hawakuona siku zao, badala ya ule walioziona.

Kanuni inayotumika mpaka leo inaitwa kwa jina la Franz Naegele, profesa wa ukunga wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeishi kati ya 1778 na 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku saba, kisha songa mwaka mmoja mbele. Tarehe 8 Agosti 2024 ukiirudisha miezi mitatu inakuwa 8 Mei, ukiongeza saba ni 15 Mei, na mwaka ukawa 2025. Hizo ni siku 280 kamili, yaani wiki 40. Kwa kuwa miezi hailingani urefu, wakati mwingine kanuni hii huzidisha siku moja mpaka tatu, jambo lisilomsumbua mtu. Cha kuchekesha ni kwamba maandishi ya Naegele mwenyewe hayakufafanua kama tuanze kuhesabu hedhi inapoanza au inapokoma. Kumbe hata Kijerumani kilikuwa na mtego wake.

Kwenye ziara ya tarehe 3 Oktoba, kadi iliandikwa "wiki 8". Hapo ndipo shemeji yangu alipokunja uso. Yeye ni dereva wa lori, na alirudi kutoka Lubumbashi Jumatatu ya tarehe 19 Agosti. Akahesabu kwa vidole: tangu arudi zilikuwa zimepita wiki sita na siku tatu. Hizo nyingine zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye namna ya kuhesabu. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hupevuka karibu siku ya 14, kwa hiyo mimba ya mdogo wangu ilitunga karibu tarehe 22 Agosti, mume akiwa nyumbani. Wiki mbili za mwanzo kwenye kadi hazina mtoto ndani. Zinahesabiwa kwa sababu siku ya hedhi kuanza inaonekana na kukumbukwa, ilhali siku ya mimba kutunga hakuna anayeiona. Ukitaka umri wa mtoto mwenyewe tumboni, toa wiki mbili kwenye hesabu ya kliniki. Mkunga alimchorea shemeji mstari kwenye karatasi, na uso ukakunjuka. Nadhani ndoa kadhaa zingepona kwa mstari huo.

Tena hesabu ya bibi zetu haigongani na hii. Miezi tisa ya mwandamo ni siku 266 hivi, na hizo ndizo siku za tangu mimba kutunga mpaka kujifungua. Ukiongeza zile 14 za mwanzo unapata 280.

Mimba hugawanywa katika vipindi vitatu, na watu wengi huvigawa kwa miezi mitatu mitatu ya kalenda, kisha wanashangaa zile wiki hazigawanyiki sawasawa. Mgawanyo unaotumika sana hospitalini unakwenda kwa wiki zilizotimia. Kipindi cha kwanza kinaishia wiki 13 na siku 6, cha pili kinaanza wiki 14 zinapotimia, na cha tatu wiki 28 zinapotimia. Kwa mdogo wangu, kipindi cha pili kilianza 14 Novemba na cha tatu 20 Februari. Mipaka hii si ya kupamba kadi. Kwenye maeneo ya malaria, vidonge vya SP vya kumkinga mjamzito havitolewi kabla ya wiki ya 13, kwa hiyo aliyekosea tarehe kwa mwezi mmoja anaweza kuvimeza mapema mno au kucheleweshewa bure.

Kanuni ya Naegele inamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake huchelewa kupevuka kwa wiki moja, kwa hiyo tarehe yake isogezwe mbele siku saba. Kama ni yeye aliyeanza hedhi siku ya Nane Nane, angetazamia 22 Mei. Lakini aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha na hajaziona siku zake, au aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango na damu inakuja inapotaka, hana siku ya kuanzia. Yupo pia anayeona damu kidogo mimba ikiwa imeshatunga, akadhani ni hedhi. Damu hiyo kwa kawaida ni nyepesi na ya siku chache kuliko alivyozoea, na mkunga akiuliza "ilikuwa kama siku zote?" mara nyingi ndipo inapojulikana.

Hao wanahitaji altrasaundi, na mapema. Katika kipindi cha kwanza mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, na katika umri huo watoto hukua karibu kwa mwendo mmoja. Mdogo wangu alipimwa 24 Oktoba, kadi ikisema wiki 11. Kipimo kikasema wiki 10 na siku 5. Tofauti ya siku mbili haibadilishi kitu; kwa umri huo tarehe husahihishwa tofauti ikizidi siku saba.

Shida ilikuja alipopimwa tena 3 Aprili, akiwa na wiki 34. Karatasi ikatoka na tarehe mpya ya kujifungua, 27 Mei, na mama yetu akaanza kupanga upya safari yake ya kuja kumkanda mzazi. Mkunga alikataa kuigusa kadi. Mwishoni mwa mimba kila mtoto ameshashika mwili wake, mwingine mnene mwingine mwembamba, na mashine inakisia umri kwa ukubwa, kwa hiyo inaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Tena ukiibadilisha tarehe kwa sababu mtoto anaonekana mdogo, unaweza kuficha mtoto ambaye kweli hakui vizuri. Akaandika 15 Mei palepale ilipokuwa, na akampangia kipimo kingine baada ya wiki mbili kuangalia kama mtoto anaongezeka.

Aliongezeka. Tarehe 15 ikapita kimya, simu zikapigwa kutoka kila upande, mkunga akasema mtoto wa kati ya wiki 37 na 42 hajawahi wala hajachelewa, na kwamba ni karibu mmoja tu kati ya ishirini anayezaliwa siku iliyoandikwa. Uchungu ulimshika usiku wa Jumamosi. Mtoto wa kike alizaliwa Jumapili alfajiri, tarehe 18 Mei, kilo 2.8, wiki 40 na siku tatu. Mama yetu alifika Jumanne.