Afya ya Familia: Ratiba ya Kufua kwa Nyumba ya Watu Sita

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia kamba ya kuanikia nguo. Familia nyingi zilizojaliwa kupata mashine ya kufulia zimegundua kwamba kazi haikupungua kama zilivyotazamia. Nguo zinafuliwa upesi, lakini zinarundikana kwenye kamba, zinaanikwa juu ya majani, au zinalala nje usiku. Hapo ndipo magonjwa ya ngozi yanapoingia. Ndiyo maana tunasema kwamba ratiba ya kufua hupangwa kwa kutazama nafasi ya kuanikia kwanza, na mashine baadaye.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye baba, mama na watoto wanne. Watoto watatu wanasoma shule, na wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu, bado anavaa nepi za kitambaa. Wana mashine ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Uani wana kamba tatu, kila moja mita 6. Kamba iliyo kwenye jua kali kuliko zote inatengwa kwa nepi na nguo za ndani, ambazo hufuliwa kila siku kwa mkono katika beseni lake. Zinabaki kamba mbili, yaani mita 12 kwa siku.

Sasa tupime. Shati, sketi au suruali ya mtoto inahitaji karibu nusu mita ya kamba, ili nguo zisigusane na upepo upite. Shuka inahitaji mita moja na nusu, na taulo sentimita 60. Wakifua mashuka ya vitanda viwili, ni mashuka manne, mita 6. Foronya nne ni mita 2, na taulo sita ni karibu mita 4. Kamba zimejaa. Mama akisema afue mashuka ya vitanda vyote vinne siku hiyo hiyo, mashine itaweza, lakini nusu ya mashuka itakosa mahali pa kukaukia.

Kwa hiyo nyumba hii inafua kwa mashine siku nne. Jumatatu ni nguo za nyumbani za watoto. Jumatano ni sare zilizovaliwa Jumatatu na Jumanne, pamoja na nguo za kazi za mama. Ijumaa ni taulo na mashuka ya vitanda viwili, na vitanda viwili vilivyobaki vinangoja Ijumaa inayofuata. Jumamosi sare zote zinafuliwa, nazo huchukua mita 6. Mita 6 zinazobaki ni za nguo za wazazi. Jumapili ni siku ya Bwana, mashine inapumzika. Kwa mpango huu kila mwanafunzi anatosheka na sare mbili: ya kwanza Jumatatu na Jumanne, ya pili Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa anarudia ile iliyofuliwa Jumatano.

Mashine iwashwe saa 12 asubuhi, ili nguo zipate jua la siku nzima. Baba anajaza maji na kuanza kabla ya kwenda kazini. Maji ya sabuni yatumike kwa zamu: kwanza nguo nyeupe, kisha za rangi, mwisho nguo za shamba na suruali nzito. Kijana anayetaka suruali yake ifuliwe peke yake aelezwe kwamba zamu yake ipo, nayo ni ya mwisho. Nepi zisiingizwe katika maji hayo kamwe.

Tangi la kukamulia ni dogo kuliko la kufulia, hivyo nguo zigawanywe. Zipangwe sawasawa kuzunguka tangi. Mashine ikianza kugonga na kutikisika, izimwe, tangi lisimame kabisa, ndipo nguo zipangwe upya. Mkono usiingizwe tangi likiwa linazunguka. Nguo iliyokamuliwa vizuri haichuruziki maji, nayo hukauka mapema sana kuliko ile iliyokamuliwa kwa mkono.

Kwa nini tunasisitiza jua na kamba? Katika sehemu nyingi za nchi zetu yuko nzi mwenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au jasho, na pia kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa chini au kivulini. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Mtu akivaa nguo hiyo, kifunza hupenya ngozi na kukua humo, na hutokea jipu lenye tundu dogo katikati. Mara nyingi mtoto mchanga huota majipu hayo kiunoni na matakoni, mahali nepi inapobana. Mama akiona jipu la namna hiyo asilikamue kwa nguvu, maana kifunza kinaweza kukatikia ndani. Apake mafuta mazito ya mgando juu ya tundu ili kifunza kikose hewa na kujitokeza, na ampeleke mtoto zahanati.

Kinga yake ni pasi ya moto. Ipitishwe pande zote mbili za nguo, na zaidi kwenye mishono, mikanda na mipira ya kiuno, kwa kuwa mayai hujificha hapo. Ikiwa umeme au mkaa ni haba, zianze nepi, nguo za ndani na mashuka.

Kazi ya kuanua ni ya mtoto wa kwanza kurudi shuleni, na iwe imekwisha saa 10 jioni, kabla ya ubaridi wa jioni kurudisha unyevu. Kabla ya kuanua, ashike mshono wa kiuno na mfuko wa ndani, auguse shavuni. Ukiwa wa baridi, nguo haijakauka, hata kama sehemu nyingine ni kavu. Nguo hiyo ikikunjwa itatoa harufu ya uvundo na madoa meusi, na fangasi wa kwenye mapaja hupenda kitambaa chenye unyevu.

Kukunja kufanyike mezani baada ya chakula cha jioni, kila mtu na fungu lake, wavulana kwa wasichana. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuunganisha soksi na kukunja taulo. Mashuka yakunjwe na watu wawili. Pasi ishikwe na mzazi au mtoto mkubwa. Sheria ni moja tu: nguo ambayo haijapigwa pasi haiingii kabatini, inabaki kwenye kikapu chake.

Wakati wa masika mpango huu hautatosha. Ijumaa zifuliwe shuka za kitanda kimoja tu, na kamba moja ihamishiwe barazani chini ya bati, mahali penye upepo. Tusianike katika chumba cha kulala kilichofungwa, kwa sababu unyevu huotesha ukungu ukutani, na mwenye pumu huteseka. Siku za mvua mfululizo, sare na nepi zitangulie, mengine yangoje jua.

Wiki hii, kabla ya kuandika ratiba yenu, pimeni kwanza kamba zenu kwa hatua. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.